Vifurushi Vitatu, Barua Moja

Tuchukue ombi la aina wanayoijua waandaaji wa safari wa Nakuru. Chama cha akina mama 20 kutoka Nairobi kinataka kutembelea Bonde la Ufa. Katibu wao ameandika mistari michache: bajeti isizidi Sh15,000 kwa kila mtu, baadhi ya wanachama wana umri mkubwa na hawawezi kutembea sana, na wengi wanataka kuona flamingo.

Mwandaaji stadi anajua kwamba katibu hataamua peke yake. Ataisambaza barua pepe kwenye kikundi cha WhatsApp, kisha ataisoma mkutanoni Jumamosi, na mwandaaji hatakuwepo kuieleza. Ndiyo maana hatumii jedwali la safu nne, ambalo hupendeza kwenye kompyuta lakini huvurugika likinakiliwa kwenye simu. Anaandika vifurushi vitatu kwa mistari mifupi, na kila kimoja kinafuata mpangilio uleule (bei hapa ni za mfano):

1. SIKU MOJA
Mtaona: Hifadhi ya Ziwa Nakuru, kwa basi
Malazi: hakuna, mnarudi jioni
Bei: Sh6,500 kila mtu (Sh130,000 wote)
Havimo: vinywaji na bahashishi

2. SIKU MBILI
Mtaona: Ziwa Nakuru, kesho yake mashua Naivasha
Malazi: usiku mmoja mjini Nakuru
Bei: Sh14,500 kila mtu (Sh290,000 wote)
Havimo: vinywaji na bahashishi

3. SIKU TATU
Mtaona: Ziwa Nakuru, Ziwa Bogoria, mashua Naivasha
Malazi: usiku wa kwanza na wa pili mjini Nakuru
Bei: Sh22,000 kila mtu (Sh440,000 wote)
Havimo: vinywaji na bahashishi

Tazama jinsi msomaji anavyorahisishiwa kazi. Basi ni lilelile, mwongozaji ni yuleyule, na milo na ada za kuingia zimo katika vyote vitatu. Kinachobadilika ni siku, na pamoja nazo mahali. Kama kifurushi cha kwanza kingekuwa na basi dogo, cha pili hoteli nzuri zaidi, na cha tatu chakula tofauti, mkutano ungejikuta unapima mambo matatu kwa pamoja na kuahirisha uamuzi. Majina nayo yanasema jambo. "Dhahabu" na "Fedha" yangemfanya mama anayechagua kifurushi cha kwanza ajione amekubali kilichobaki, ilhali siku moja ya kuona vifaru na twiga ni safari kamili.

Utafiti wa Itamar Simonson wa mwaka 1989 ulionyesha kwamba watu wengi huelekea chaguo la kati, kwa kuwa ni rahisi kulitetea mbele ya wengine. Muuzaji mwenye haraka hulichukua hilo kama mtego: huweka kifurushi cha juu cha bei ya kutisha ili cha kati kionekane nafuu. Wanachama 20 wakikaa pamoja, mmoja ataligundua, na imani itaondoka hata kwa vile viwili vya kweli.

Kwa hiyo cha tatu lazima kiwe na sababu iliyotoka kwa mteja. Hapa sababu ni flamingo. Maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana tangu miaka ya 2010, chumvi ikapungua, na mwani wanaoula ndege hao ukapungua pia. Mwandaaji anaandika wazi chini ya vifurushi: "Nakuru flamingo wanaweza kuwa wachache. Bogoria nafasi ya kuwaona kwa wingi ni kubwa zaidi, ila kifurushi cha 3 kinapita bajeti yenu kwa Sh7,000 kila mtu." Sasa bei ya juu ina maana, na anayeikataa anajua anachokiacha.

Kisha anatoa ushauri wake, mara moja tu: "Kwa bajeti yenu na kwa ajili ya wazee, ningechagua cha 2, kwa kuwa mtaona karibu kila kitu mkiwa mmeketi. Kama flamingo ndio kiini cha safari, tuongee kuhusu cha 3." Anamalizia na siku ambayo bei hizo zitakoma, na ombi dogo: "Nijibu kwa namba: 1, 2 au 3."

Kazi hii hupimwa kwa jibu linalorudi. Katibu akiuliza, "Tofauti ya 1 na 2 ni nini?", mistari haikulingana. Akiuliza, "Punguzo lipo?", huenda bei iliandikwa bila kuonyesha kilichomo. Lakini akiandika, "Tumechagua 2, je, tarehe 15 inawezekana?", barua imejieleza yenyewe mkutanoni, na kilichobaki ni kupanga safari.