Jinsi ya Kuipima Maabara Iliyogandishwa

Juzi maabara moja ya kompyuta ya shule ya sekondari ilisifiwa mbele ya wazazi. Sababu ya sifa: mashine zake zote 40 zinawaka na nembo ya shule, ikoni zimepangwa mstari mmoja, na mwanafunzi akifuta kitu, kinarudi mashine ikiwashwa upya. Wazazi walipiga makofi, na fundi aliyeigandisha akapewa kazi ya shule ya jirani. Niliikagua maabara hiyo siku mbili baadaye. Ni mbovu, na ubovu wake unaonekana kabla hujagusa kibodi.

Kufanana kwa sura hakupimi chochote. Mtu yeyote mwenye Clonezilla kwenye flashi na diski ya nje anaweza kuchukua imeji ya mashine moja akaimwaga kwenye nyingine 39 kwa siku moja. Kugandisha nako ni kubofya mara chache. Kazi ya fundi hujulikana kwa jambo moja ambalo wanaosifu hawaulizi kamwe: mashine ilikuwa katika hali gani dakika ile ilipogandishwa?

Deep Freeze na ndugu zake hazirekebishi mashine. Zinapokea kila kitu kinachoandikwa kwenye diski, zinakiweka pembeni, kisha zinakitupa mashine inapowashwa upya. Kinachobaki ni diski kama ilivyokuwa siku ya kugandishwa, pamoja na kila shughuli iliyokuwa imefika katikati. Kugandisha mashine chafu ni kama kutia kwenye friji samaki aliyeanza kuoza: ukimtoa mwezi ujao, ameoza vilevile.

Na uchafu mkubwa kuliko wote si virusi. Virusi hata mwanafunzi wa kidato cha pili ataviona. Uchafu mkubwa ni apdeti ya Windows iliyoachwa njiani. Apdeti hupita hatua tatu: hupakuliwa, husakinishwa, halafu hukamilishwa mashine inapozimika na kuwaka. Fundi wa haraka hugandisha kabla ya hatua ya kwanza au kati ya ya pili na ya tatu, kwa sababu kioo kinaonekana kimetulia na gari la kumrudisha mjini linamsubiri.

Akigandisha kati ya ya pili na ya tatu, kila asubuhi mashine inaamka ikiwa na deni. Inaanza kuhesabu asilimia, inakamilisha, inajiwasha upya, na kwa kuwa imegandishwa inarudi palepale ilipoanzia. Hapo angalau mwalimu atapiga simu. Kosa baya zaidi ni lile la kwanza, kwa kuwa halionekani. Mashine inawaka vizuri na Word inafunguka, huku nyuma ya pazia inavuta apdeti ileile iliyoivuta jana.

Hilo ndilo lililokuwa likitokea katika maabara iliyopigiwa makofi. Apdeti ya mwezi ilikuwa na uzito wa karibu MB 700. Mashine 40 zikiivuta kila moja kivyake, ni GB 28. Laini ya shule ilikuwa ya Mbps 10, na kwa kasi hiyo GB 28 zinahitaji zaidi ya saa 6 hata kama hakuna mtu mwingine anayeitumia. Kwa hiyo siku nzima ya masomo laini ilikuwa imejaa. Jioni mashine zikazimwa, kila kilichopakuliwa kikatupwa, na kesho yake kazi ikaanza sifuri. Windows ina njia ya kuziwezesha mashine za chumba kimoja kugawiana apdeti, lakini hifadhi yake iko kwenye diski C, nayo ilifutwa kila jioni pamoja na vingine. Shule ilikuwa imelalamika kwa kampuni ya intaneti na kununua bando kubwa zaidi mara mbili. Hakuna aliyekwenda kumuuliza fundi.

Sasa nieleze jinsi ya kuliona hili, maana ndicho kipimo cha kwanza na mimi sikubali maabara isiyokipita. Nenda asubuhi kabla ya wanafunzi. Washa mashine zote, usifungue chochote. Kaa karibu na swichi, utazame taa zake kwa nusu saa. Mwanzoni zitawaka kwa fujo, na hilo ni la kawaida, kwa sababu mashine zinaomba anwani na kusalimiana. Katika maabara nzuri fujo hiyo hupungua, taa zikabaki zinapepesa moja moja kwa kupokezana. Katika maabara mbovu zinapepesa zote kwa pamoja bila kupumzika, na taa ya waya unaokwenda kwenye rauta haitulii hata kidogo. Ukiona hivyo, umekwisha kupata jibu.

Ukitaka ushahidi wa maandishi, fungua dirisha la amri kwenye mashine yoyote, uandike:

```
reg query "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\WindowsUpdate\Auto Update\RebootRequired"
reg query "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Component Based Servicing\RebootPending"
```

Hapa jibu zuri ni lile la kosa: mashine iseme haikuupata ufunguo huo. Isipotoa kosa hilo, ujue kuna apdeti inayosubiri mashine iwashwe upya ili ikamilike, na mashine hiyo haikustahili kugandishwa.

Wadanganyifu wanakijua kipimo cha taa, nao wana njia ya kukikwepa. Wanaizima kabisa huduma ya apdeti, wanagandisha, wanaondoka. Swichi inatulia, laini inapumua, shule inashukuru. Nilimkuta mmoja aliyejisifu kwamba maabara yake haijasumbuliwa na Microsoft tangu aipokee, kumbe mashine zilikuwa zimekaa zaidi ya mwaka bila kiraka hata kimoja, na kila flashi ya mwanafunzi ilikuwa inachomekwa humo. Kwa huyu andika `winver`. Kwenye Windows 10 ya 22H2 utaona namba 19045, halafu nukta, halafu namba nyingine. Hiyo inayofuata nukta ndiyo inayosema mashine imefikia kiraka cha mwezi gani. Soma kwenye mashine tatu: ya mwalimu, ya pembeni kabisa, na moja ya katikati. Zikitofautiana, maabara haifanani, hata kama nembo ya shule inang'aa kwenye kila kioo. Zikifanana lakini ni za mwaka jana, maabara inafanana katika kupuuzwa.

Fundi bora niliyewahi kumwona kazini ni mzee mmoja wa Tanga, na hakuwa na haraka hata chembe. Mashine ya mfano aliiyeyusha, akaivutisha apdeti, akaiwasha upya, akaiuliza tena kama kuna nyingine, na akarudia hadi ikajibu kwamba hakuna. Kisha akaiwasha upya mara mbili zaidi, bila sababu iliyoonekana kwenye kioo. Alinieleza kwamba apdeti nyingine huzaa nyingine. Siku zote alichagua Restart, hakuchagua Shut down, kwa sababu Windows ya siku hizi ukiizima huacha sehemu yake imelala ili kesho iwahi kuamka, wala haianzi upya kweli. Usingizi huo aliukata kabisa kwa `powercfg /h off` kabla ya kuchukua imeji, na Clonezilla yenyewe hulalamika ikikuta diski ya Windows iliyolazwa hivyo. Mwisho alisoma namba ya `winver`, akaiandika kwa kalamu pamoja na tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Imeji isiyo na tarehe na namba haifai kuhifadhiwa. Na imeji iliyopewa jina la "mwisho" au "mpya" ifutwe siku hiyohiyo.

Siku ya viraka nayo ina kanuni zake. Microsoft hutoa viraka vya mwezi Jumanne ya pili, na kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa 2 au saa 3 usiku kutegemea majira ya kwao. Maana yake Jumatano asubuhi ndipo maabara iliyoachwa huru inapogeuka soko. Siku ya viraka iwe Jumamosi ya pili baada ya Jumanne hiyo. Isiwe ya kwanza, maana kiraka kibaya hujulikana ndani ya wiki moja. Isiwe siku ya masomo kwa hali yoyote. Kwa laini ndogo, faili la .msu hupakuliwa mara moja tu kutoka Microsoft Update Catalog, likazungushwa kwa flashi au kwa seva ya chumba. Mashine zote huyeyushwa, hutiwa kiraka, huwashwa upya hadi zitulie, hukaguliwa kwa amri zile mbili, na ndipo hugandishwa. Fundi anayegandisha kabla ya kusoma majibu ya amri zile hajamaliza kazi yake.

Mambo mengine hayahitaji maneno mengi. Kazi za wanafunzi ziwe kwenye diski D isiyogandishwa, na mwanafunzi ajue hivyo bila kuulizwa mara mbili. Kila mashine iwe na jina lake, kwa kuwa imeji iliyomwagwa bila Sysprep huacha mashine zote zikijiita jina moja. Deskitopu isizidi ikoni kumi. Betri ya ubao iwe nzima, maana mashine inayorudi mwaka 2009 kila asubuhi haitafungua tovuti yoyote salama wala haitapata apdeti, na fundi atahangaika na intaneti isiyo na kosa.

Enzi za Windows XP kazi hii ilikuwa na heshima. Norton Ghost iliingia kwenye CD moja, na fundi aliilinda imeji yake kuliko simu yake. SteadyState ya Microsoft ilikuwa ya bure, na ilijua yenyewe kufungua ulinzi usiku, kuchukua viraka, kuvihifadhi na kufunga tena. Iliondolewa sokoni mwishoni mwa 2010, na mafundi wengi waliokuja baadaye hawajui kwamba kugandisha na kutia viraka viliwahi kuwa kazi moja. Shule yenye Windows ya toleo la Education bado inaweza kuupata utaratibu unaokaribia huo: ulinzi wa UWF umo ndani yake bila malipo zaidi, na amri ya `uwfmgr servicing enable` huiamuru mashine ikiwashwa tena ijitie viraka kisha irudi kwenye ulinzi. Ila hifadhi yake ya muda, usipoibadilisha, ni MB 1024 za RAM, nayo ikijaa mashine hukwama katikati ya kipindi.

Mwalimu unayekabidhiwa maabara, usitie saini siku ya sherehe. Mwambie mzabuni arudi asubuhi inayofuata, mashine zote ziwashwe mbele yako, mkae nusu saa karibu na swichi, kisha akuonyeshe namba ya `winver` kwenye mashine tatu utakazochagua wewe. Akikataa, usimlipe.