Jumla Ndogo Si Bidhaa

Chukua ankara ya vifaa vya ujenzi yenye kurasa 3. Bidhaa za ukurasa wa kwanza zinafika shilingi 2,400,000, za wa pili 1,850,000 na za wa tatu 750,000, yaani 5,000,000 kabla ya VAT. Chini ya kurasa mbili za mwanzo kuna jumla ndogo inayokua, na juu ya kila ukurasa unaofuata kiasi hicho kimerudiwa kwa neno "Imeletwa". Ukinyofoa mistari yote na kujumlisha safu ya kiasi, hata kabla ya kuigusa jumla kuu utapata 18,300,000. Ziada hiyo ni 2,400,000 mara mbili na 4,250,000 mara mbili.

Wengi hukimbilia kufuta mistari inayofanana. Ni dawa mbaya, kwa sababu mifuko 50 ya saruji inaweza kuandikwa mara mbili kihalali ikiwa imepelekwa kwa safari mbili. Kuchuja kwa neno "jumla" nako hakutoshi: kunaondoa pia "Misumari, bei ya jumla", na kuitafuta baadaye ni kazi.

Njia iliyofanya kazi ni kuacha hesabu iamue. Kila mstari ulipewa namba ya ukurasa na nafasi yake, kisha ukalinganishwa na jumla ya bidhaa zilizoutangulia. Usio na idadi wala bei ya kimoja, na ambao kiasi chake ni sawa na jumla hiyo, uliwekewa aina "jumla". Masharti yote mawili yanahitajika. Gharama ya usafiri mara nyingi haina idadi, lakini ni malipo halisi. Na bidhaa ya pili ikilingana bei na ya kwanza, itafanana na jumla ndogo kwa bahati tu. Zaidi ya hapo, ukurasa wa kwanza hauwezi kukuambia kama jumla ndogo ni ya ukurasa au ni ya tangu mwanzo, kwani zote mbili ni 2,400,000. Subiri wa pili: ukiona 4,250,000, inakua; ukiona 1,850,000, ni ya ukurasa peke yake.

Mistari ya jumla haikufutwa, iliachwa tu nje ya hesabu, aina ikiwa safu C na kiasi safu F:

```
=SUMIFS(F:F,C:C,"bidhaa")
```

Kubaki kwake kulilipa haraka. Jumla za kuanzia mwisho wa ukurasa wa pili zilipokosa kulingana na hesabu, ziliwekewa aina "jumla" kwa mkono, na bidhaa zilizonyofolewa zikafika 4,950,000, pungufu 50,000. Jumla ya ukurasa wa kwanza ilikubali, lakini mwisho wa wa pili hesabu ilionyesha 4,200,000 badala ya 4,250,000. Kosa lilikuwa ukurasa huo tu: 185,000 iliyofifia kwenye skani ilisomwa 135,000. Bila jumla hizo ndogo, kurasa zote 3 zingekaguliwa mstari kwa mstari.

Tofauti ya shilingi moja au mbili kwenye VAT ya asilimia 18 ni jambo jingine. Hutokana na kukadiria kila mstari badala ya jumla, na haina haja ya kusakwa.