Mayibaridi: hesabu ya saa za kwanza

Tarehe 12 Septemba 2019, yapata saa tisa usiku, treni ya mizigo iliacha reli karibu na Mayibaridi, mkoani Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako makao makuu ya mkoa ni Kalemie. Siku hiyohiyo Steve Mbikayi, waziri wa mambo ya kibinadamu, alitangaza kupitia Twitter hesabu ya muda: watu 50 wamekufa na wengine kadhaa wamejeruhiwa. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli naye alisema idadi bado haijulikani, kwa sababu watu wengi walikuwa chini ya mabehewa yaliyopinduka.

Kauli ya pili haikuwa na tarakimu, lakini kama taarifa ya awali ilikuwa na uzito zaidi. Ilisema nini hakijulikani, ikaeleza na sababu. Neno "ya muda" peke yake halimwambii msomaji kama 50 ni miili iliyohesabiwa, makisio ya mtu aliyekuwa eneo la ajali, au habari iliyopokelewa kwa simu.

Kwa yaliyokuwa wazi asubuhi ile, taarifa ya ukurasa mmoja ingetosha, yenye sehemu tatu: yanayojulikana, yasiyojulikana na yanayohakikiwa. Kinachojulikana ni kwamba treni ya mizigo imepinduka, mahali ni karibu na Mayibaridi, na kuna waliokufa na waliojeruhiwa. Saa iandikwe kuwa ni ya Kalemie, maana Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, na kosa dogo hilo huvuruga mfuatano wote wa matukio.

Sehemu ya yasiyojulikana ndiyo ngumu kuliko zote. Treni ya mizigo haina orodha ya abiria, na hii ilikuwa imebeba watu waliopanda kinyemela. Kwa hiyo hakuna idadi ya kuanzia ambayo mtu angetoa walionusurika ili apate waliopotea. Hilo lazima liandikwe waziwazi, la sivyo ndugu wa abiria watadhani jina lisilotajwa ni la mtu aliye salama.

Yanayohakikiwa nayo yanahitaji mhusika na saa: nani anahesabu miili kwenye mabehewa, nani anasoma daftari la hospitali, na hesabu itatolewa tena lini. Hapa ndipo takwimu huharibika. Majeruhi akifia hospitalini huongezwa kwenye vifo huku akibaki kwenye orodha ya majeruhi, na mwili uliohesabiwa relini huhesabiwa tena mochwari. Dalili yake ni rahisi kuiona: jumla inapanda ingawa hakuna behewa jipya lililoinuliwa.

Taarifa ya pili inapotoka, ile ya kwanza isifutwe. Iwekwe tarakimu ya zamani kando ya mpya, pamoja na saa ya kila moja na sababu ya badiliko, hata kama idadi imeshuka.