Mada ya Talaka katika Khutba za Ijumaa: Uhakiki wa Usimbaji na Kipimo cha Makubaliano

Mtafiti anayechanganua maudhui ya khutba za Ijumaa huanza kukosea kabla ya kuunda kategoria, yaani pale anapoamua khutba inaanzia na kuishia wapi. Katika misikiti mingi ya Afrika Mashariki, mawaidha ya Kiswahili hutangulia khutba mbili za Kiarabu, na kwingine khutba yenyewe huchanganya lugha hizo. Aidha, khatibu wengi huhitimisha khutba ya pili kwa aya ya 90 ya Surat An-Nahl, inayoamrisha uadilifu na kuwapa jamaa wa karibu. Mpango unaohesabu kila kutajwa kwa haki au jamaa utaikuta mada ya familia karibu kila Ijumaa, hata khatibu akiwa amezungumzia mvua. Kwa hiyo kitabu cha usimbaji hakina budi kuziondoa sehemu za kawaida ya ibada, na kusimba hoja moja moja badala ya khutba nzima.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika kategoria ya anayelaumiwa kwa talaka. Chukua kauli kama “mke mwenye subira huilinda nyumba yake”. Msimbaji mmoja ataiona kuwa nasaha. Mwingine atasoma ndani yake lawama kwa mke aliyeachwa. Wote wawili wana sababu, na kosa ni la mpango usiotenganisha wajibu na lawama.

Kosa hilo hufichwa kwa urahisi na asilimia. Tuseme wasimbaji wawili wamesimba hoja 100, kila mmoja peke yake. Katika hoja 4 wote wameona lawama kwa mke, katika 86 wote hawakuiona, na katika 10 wametofautiana, kila mmoja akiiona mara 5 peke yake. Makubaliano ni asilimia 90, na tasnifu nyingi zingeishia hapo. Lakini kwa kuwa lawama ni adimu, bahati pekee ingewakubalisha kwa takribani asilimia 84. Kapa ya Cohen, inayoondoa sehemu hiyo ya bahati, ni 0.39 tu. Krippendorff, kwa kipimo chake cha alfa, hutaka 0.80, na hukubali 0.667 kwa hitimisho la muda. Tena, kama hoja 40 kati ya zile 86 ni dua na sifa ambazo hazikuondolewa, makubaliano halisi ni 50 kati ya 60, yaani asilimia 83.

Dawa yake ni kanuni iliyo wazi: lawama isimbwe pale tu khatibu anapotaja tendo la mtu kuwa chanzo cha talaka, nasaha ziingie katika kategoria ya wajibu. Kisha jaribio lirudiwe kwa khutba mpya. Wasimbaji wakirudia zile zile walizokwisha kuzijadili, kapa itapanda kwa sababu wanakumbuka majibu, na kanuni itakuwa bado haijajaribiwa.