Alama Moja Juu ya Kibumba

Kibumba iko kando ya barabara ya Goma–Rutshuru, kilomita ishirini na kitu kutoka mjini. Upande wa machweo inatazamana na Nyiragongo wenye mita 3,470, na upande wa macheo imesimamiwa na Mikeno wenye mita 4,437. Tuchukue ndege ndogo ya injini mbili inayotoka kaskazini, ikashuka kupitia uwazi ulio kati ya milima hiyo, ikiuelekea uwanja wa Goma. Kwenye kiwambo cha muongozaji wa ndege, safari yote hiyo ni alama moja ndogo inayosogea. Mtu asiye wa kazi hiyo ataamini kwamba alama ndiyo ndege. Mwenye kazi yake anajua kwamba alama ni habari tu, na kila habari ina msemaji. Hoja yangu ni kwamba ufundi wa muongozaji uko hapo hasa: katika kujua ni nani aliyesema kwamba ndege iko Kibumba, na amelijuaje.

Msemaji wa kwanza ni rada ya msingi, na huyu haulizi mtu. Hutupa mpigo wa mawimbi hewani, kisha husubiri mwangwi wake urudi kutoka kwenye bati la ndege. Kwa ndege iliyo umbali wa kilomita 24, mawimbi huenda na kurudi kwa sehemu 160 tu za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja. Kutokana na muda huo rada hupata umbali, na kutokana na mahali antena ilikoelekea hupata upande. Rubani akizima kila kitu, au umeme wa ndege ukikatika, mwangwi utarudi vilevile. Lakini mwangwi hauna jina, na rada ya kawaida ya aina hii haisemi ndege iko juu kiasi gani. Tena milima nayo inarudisha mwangwi, mkubwa kuliko wa ndege yoyote. Ili kiwambo kisijae Nyiragongo na Mikeno, mtambo huchuja vitu visivyosogea, na kipimo chake cha kusogea ni kukaribia rada au kuiacha. Ndege inayozunguka huku umbali wake kutoka kwenye antena haubadiliki inaweza kuchujwa pamoja na mlima, na alama yake ikapotea wakati yenyewe ingali inaruka.

Rada ya upili inauliza. Hutuma swali kwa masafa ya megahezi 1030, na kifaa kilichomo ndani ya ndege, transponda, hujibu kwa megahezi 1090. Jibu lina tarakimu nne ambazo rubani amepewa azitumie, na lina kimo. Hapo alama inapata jina na futi zake, na kwa kuwa jibu limetoka kwenye mtambo wenye nguvu zake wenyewe, si mwangwi uliochoka, linasikika kwa mbali. Umbali na upande bado vinapimwa na rada iliyo ardhini, kwa muda wa jibu na mwelekeo wa antena. Kwa hiyo katika alama hii moja kuna maneno ya watu wawili: mahali amepasema mpimaji wa ardhini, jina na kimo vimesemwa na ndege. Transponda ikizimwa, alama hutoweka kabisa. Na antena ikisimikwa Goma, Nyiragongo unatupa kivuli chake: nyuma kabisa ya kilele, kilomita 34 kutoka uwanjani, ndege iliyo chini ya mita 5,400 hivi haitaonekana, kwa sababu mawimbi hayo husafiri kwa mstari ulionyooka na hayapindi mlima.

ADS-B haingoji swali. Ndege husoma mahali pake kwa setilaiti za GPS, kisha hupatangaza yenyewe mara mbili kwa sekunde, wakati antena ya rada huchukua sekunde kadhaa kumaliza mzunguko mmoja. Kinachohitajika ardhini ni kipokezi kidogo tu. Vipokezi vitatu vilivyowekwa pande tofauti za milima vingeuondoa ule uvuli wa Nyiragongo, na tangu 2019 kuna setilaiti zinazopokea matangazo haya kutoka juu kabisa. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi marubani wametangaziana wenyewe mahali walipo kwenye megahezi 126.9, kwa kuwa hapakuwa na jicho la kuwaona, faida hiyo ni kubwa mno. Ila hapa kila kitu kimesemwa na ndege. Aliye ardhini hajapima chochote, amesikia tu.

Ndiyo maana Kibumba ni mahali pa kulifikiria jambo hili. Desemba 2024, azimio la Baraza la Usalama lililoongeza muda wa MONUSCO lilitaja uvurugaji na ughushi wa mawimbi ya GPS katika Kivu ya Kaskazini, iliko Kibumba. Mambo hayo mawili hayafanani kwenye kiwambo. Mawimbi yakivurugwa, ndege hupoteza mahali pake na hukiri hivyo: ndani ya tangazo la ADS-B mna kipimo cha uhakika, nacho huporomoka hadi sifuri, alama ikafifia au ikaondoka. Yakighushiwa, ndege hudanganywa bila kujua, na hutangaza mahali pa uongo kwa uhakika kamili. Muongozaji atashtuka akiona mwendo usiowezekana. Ndege ya noti 240 huenda kilomita 1.2 hivi kwa sekunde kumi; ikiruka kilomita tano kwa muda huo, basi kilichoruka ni habari, si ndege. Lakini ughushi ukifanywa taratibu, alama itateleza polepole kutoka kwenye uwazi kuelekea mlimani, na macho peke yake hayatagundua.

Atakuja mtu aseme kwamba rada ni ghali na imepitwa na wakati, na nchi yenye mahitaji mengi iachane nayo. Kuhusu gharama amesema kweli: ukiwa na fedha za mtambo mmoja tu, vipokezi vya ADS-B vitaonyesha anga kubwa zaidi kuliko rada moja. Lakini wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kuna njia ya kati. Vipokezi vilevile, vikiwa vinne au zaidi na saa zao zikilinganishwa barabara, vinaweza kupuuza mahali ndege inapodai iko na badala yake kupima tofauti ya wakati ambao tangazo limefika kwa kila kimoja. Hapo mahali pamepimwa tena kutoka ardhini. Sharti ni kwamba saa hizo zisitegemee GPS ileile inayoghushiwa.

Mwingine atasema kwamba upimaji huo ukishapatikana, mtambo utalinganisha wenyewe na muongozaji abaki kutazama tu. Hilo halijibu suala la kimo. Rada ya upili na ADS-B zote hupata kimo cha kutenganishia ndege kutoka kwenye kipima-hewa kimoja kilichomo ndani ya ndege. Zikikubaliana kwa futi, ni msemaji mmoja aliyesikika mara mbili, si mashahidi wawili. Kati ya Nyiragongo na Mikeno, kosa la kimo ni mwamba. Kwa hiyo muongozaji mzuri, rubani anapoingia mikononi mwake, humwomba aseme kimo anachokisoma, akakilinganisha na kilichoandikwa kando ya alama. Ni maneno machache ya redio. Kwa maneno hayo anahakikisha kwamba namba iliyoandikwa kwenye kiwambo na ile iliyo machoni pa rubani ni moja, kabla hajamruhusu ashuke futi nyingine.