Amekatwa mara mbili: kusoma logi za Dar es Salaam na Frankfurt

Tuchukue kisa cha mfano. Mteja wa duka la mtandaoni analalamika kwamba alfajiri ya tarehe 27 Oktoba 2024, saa kumi na dakika arobaini hivi, oda moja ilikatwa hela mara mbili. Seva ya duka iko Dar es Salaam na ya malipo iko Frankfurt, kila moja ikiandika logi kwa saa za mji wake. Swali ni moja: duka lilipotuma ombi la pili, ombi la kwanza lilikuwa limeshakamilika?

Kwanza nyakati zote zigeuzwe kuwa UTC. Saa kumi na dakika arobaini alfajiri ni 04:40 kwenye seva ya Dar, na Dar iko mbele ya UTC kwa saa tatu, kwa hiyo tunatafuta kuanzia 01:40 UTC. Shida iko Frankfurt. Usiku huo Ujerumani ilirudisha saa nyuma kutoka 03:00 hadi 02:00, hivyo 02:41, dakika ambayo logi ya Frankfurt inaonyesha makato yetu, ilipita mara mbili. Logi isiyoandika tofauti na UTC haisemi ni ipi. Kinachotuokoa ni kwamba mistari huongezwa kwenye faili kwa mfuatano: tafuta pale muda unaposhuka ghafla kutoka 02:59 kwenda 02:00. Mistari ya juu ya hapo ni ya `+0200`, ya chini ni ya `+0100`. Yetu iko chini, na hugeuzwa hivi:

```
date -u -d '2024-10-27 02:41:28 +0100'
```

Jibu ni 01:41:28 UTC. Wengi huishia hapa na kuanza kulaumiana, lakini saa zenyewe hazijapimwa. Fuwele ya saa ya seva ikikosea sehemu 20 kwa kila milioni, hupotoka kwa sekunde 1.7 kwa siku, na seva ambayo NTP yake imekatika hakuna anayeirekebisha.

Kipimo kimo ndani ya logi zenyewe. Chagua oda nyingine ya karibu na tukio, iliyopita vizuri kwa ombi moja, na ambayo namba yake iko kwenye logi zote mbili. Ina nyakati nne: Dar ilipotuma (t1), Frankfurt ilipopokea (t2), Frankfurt ilipojibu (t3), Dar ilipopata jibu (t4).

```
tofauti = ((t2 - t1) + (t3 - t4)) / 2
safari  = (t4 - t1) - (t3 - t2)
```

Tuseme baada ya 01:30 UTC tunasoma sekunde hizi: 12.1, 15.4, 15.6 na 12.5. Tofauti ni 3.2, yaani saa ya Frankfurt iko mbele ya ile ya Dar kwa sekunde 3.2. Safari ya kwenda na kurudi ni sekunde 0.2. Hatujui kama kwenda na kurudi kulichukua muda sawa, kwa hiyo kosa letu linaweza kufika nusu ya safari, 0.1 kila upande. Ndiyo maana huchaguliwa oda yenye safari fupi kuliko zote.

Rudia kipimo saa chache baadaye. Tofauti ikikua polepole, saa inapotoka kwa mwendo wa kawaida na unaweza kukadiria kati ya vipimo viwili. Ikiruka ghafla, kuna aliyeisahihisha saa katikati, na kila upande wa mruko unahitaji hesabu yake. Angalia pia logi inaandika wakati gani wa ombi: Nginx huandika muda ombi linapomalizika, Apache kwa kawaida huandika muda lilipopokelewa. Tofauti hiyo hufanana sana na saa iliyopotoka.

Sasa turudi kwenye lalamiko, dakika ya 01:41 UTC. Dar ilituma ombi la kwanza sekunde ya 20.0, ikasubiri sekunde tano bila jibu, ikatuma la pili sekunde ya 25.0. Frankfurt ilipokea la kwanza 23.3, ikakamilisha makato 28.1, ikapokea la pili 28.3. Ukisoma bila kusahihisha, makato ya kwanza yalikamilika sekunde tatu nzima baada ya ombi la pili kutumwa. Ondoa 3.2, na makato yanaangukia 24.9, sehemu ya kumi tu ya sekunde kabla ya ombi la pili. Kwa kosa la 0.1 hatuwezi kuapa kipi kilitangulia, na ripoti ya kweli iseme hivyo.

Hata hivyo 28.1 na 28.3 zimeandikwa na saa moja, ya Frankfurt, na hapo kupotoka kwa saa hakubadilishi mfuatano. Ombi la pili lilipofika, oda ilikuwa imeshalipwa kwenye seva hiyohiyo, na bado seva ikakata tena. Duka liliwahi kurudia, lakini makato ya pili ni kosa la seva ya malipo: haikuangalia namba ya oda kabla ya kukata.