Mizani Tatu Zilizoachwa Wazi

Katika mahafali ya kidato cha nne, neno la shukrani huja baada ya hotuba ya mgeni rasmi, na hapo ndipo penye taabu ya mwanafunzi aliyepewa kulisema kwa shairi. Kwani beti hutungwa siku nyingi kabla, ilhali mgeni aweza kubadilika asubuhi ile ile, na hidaya atakayoiahidi haijulikani mpaka aitamke kwa kinywa chake.

Nilihudhuria mahafali ya namna hiyo katika shule moja nje ya mji wa Sumbawanga, upepo wa Ufipa ukilitikisa turubai juu ya vichwa vyetu, na binti aliyesimama kushukuru alikuwa ameiandalia taabu hiyo dawa yake mapema. Alitunga tarbia, mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, kwa kanuni alizozisharihi Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji kwenye ziwa lile lile liigusalo Ufipa upande wa magharibi, katika kitabu chake cha mwaka 1954.

Ukwapi wa kwanza aliuandika «Mkuu wetu Wilaya». Mkuu hakuja, alimtuma mtu. Binti akafuta, akaandika «Mwakilishi wa Wilaya», na utao «umefika mahafali» ukabaki ulivyokuwa, maana mizani ni nane vile vile na kina cha kati ni «ya» kile kile. Lau angaliliweka jina la mgeni mwishoni mwa kipande, penye kina, ubeti wote ungalivunjika.

Ustadi mkubwa zaidi ulikuwa katika ubeti wa hidaya. Kina chake cha kati alikikabidhi kwa kitendo, «umeahidi», chenye mizani tano, akaacha tatu wazi mwanzoni kwa kitu chochote kitakachotajwa. Mgeni alipoahidi mabati ya bweni, kalamu ilikuwa mkononi:

Mabati umeahidi, moyoni tumefurahi

Nilipomuuliza baadaye angalifanyaje kama yangalikuwa madawati, alinihesabia kwa vidole: «Madawati waahidi», kitendo kikipungua mizani moja, na kama ni fedha, «Fedha umetuahidi», kikiongezeka moja. Kwa hiyo neno la mizani mbili, tatu au nne lilikuwa na makazi yake tayari, na kina «di» hakikuguswa.

Dawa hiyo ina mpaka wake. Mgeni aliongeza saruji mwishoni mwa hotuba, na mwalimu aliyeketi karibu akamnong'oneza binti aiingize. Lakini «Mabati na saruji umeahidi» ni mizani 12, na hata asiyejua arudhi angalisikia ulimi ukikimbia ili kuiwahi pumzi. Binti alitikisa kichwa, akalighani shairi lake kama lilivyokuwa, kisha, karatasi ikiwa imekunjwa, akaishukuru saruji kwa maneno ya kawaida.